Herufi r Inayosahaulika

Duara lenye nusu kipenyo cha mita 3 lina eneo la mita za mraba 28.27 hivi. Mwanafunzi wa sekondari hulipata kwa πr² na kuendelea na mengine. Akifika chuo kikuu anatakiwa alipate kwa intigrali maradufu, yaani kwa kuligawa duara vipande vidogo mno na kuvijumlisha vyote. Akitumia x na y, vipande vyake ni vya mraba, na ukingo wa duara unamletea √(9 − x²). Hesabu hiyo inawezekana, ila inachosha bure.

Dawa yake ni kubadili vigeu. Nukta tunaitaja kwa umbali wake kutoka katikati, r, na kwa pembe yake, θ, inayopimwa kwa radiani. Mipaka sasa ni namba tupu: r kutoka 0 hadi 3, θ kutoka 0 hadi 2π.

Wengi hujikwaa hapo. Huondoa dx dy, wakaweka dr dθ, wakapata 3 × 2π, yaani 18.85 hivi. Jibu hilo linajiumbua lenyewe. Radiani haina kipimo, kwa hiyo kilichopatikana ni mita, si mita za mraba. Na kwa kweli ni mzingo wa duara.

Kosa liko kwenye umbo la kipande. Fikiria mkate wa sinia uliokatwa kutoka katikati kwenda ukingoni, kisha kisu kikazungushwa kufuata duara. Vipande vya katikati ni vyembamba na vya ukingoni ni vipana, ingawa pembe ni ileile. Upana huo ni tao, na urefu wa tao ni r mara pembe. Zidisha kwa kimo chake, dr, upate r dr dθ.

Tujaribu kwa pembe ya 0.1 na kimo cha 0.1. Kipande kinachoanzia umbali wa 1 kina eneo la 0.0105, kinachoanzia umbali wa 2 kina 0.0205. Kanuni yetu inatoa 0.01 na 0.02, na kadiri vipande vinavyopunguzwa ndivyo kasoro hiyo inavyoyeyuka. Sasa intigrali ya r kutoka 0 hadi 3 ni 9/2. Mara 2π ni 9π, ndiyo 28.27 yetu.

Ukiikumbuka r, bado kuna mtego wa pili, nao kwangu ni mbaya zaidi kwa kuwa vipimo haviusaliti. Duara (x − 1)² + y² = 1 halina kitovu kwenye chanzo; ukingo wake ndio unaopita hapo. Mpaka wake ni r = 2cos θ. Anayezoea kuandika 0 hadi 2π atapata eneo la 2π, ilhali nusu kipenyo ni 1 na eneo ni π. Duara hilo limekwisha kuzungukwa lote θ inapotoka −π/2 hadi π/2. Nje ya hapo cos θ ni hasi, r inageuka hasi, na ukingo uleule unapitiwa mara ya pili. Mchoro wa penseli, uliochorwa kabla ya kuandika mipaka, ungelionyesha hilo mara moja: duara zima liko upande wa kulia wa mhimili wa y.