Rilei inayochelewa kuachia

Mafundi wa umeme wana mbinu moja ya zamani. Rilei ikiwa inaachia haraka mno kila umeme unapokatika kidogo, wanachomea kapasita sambamba na koili yake. Swichi ikifunguka, kapasita inaendelea kuilisha koili kwa muda mfupi, na rilei inabaki imeshika. Ukimuuliza fundi inabaki kwa muda gani, atakujibu kwamba inategemea kapasita, na hajakosea. Ila ukitaka jibu kwa milisekunde kabla hujachomea chochote, inabidi ukae na kalamu.

Tuchukue rilei ya volti 12. Koili yake ina ukinzani wa omu 150 na indaktansi ya henri 0.5. Kapasita ni ya mikrofaradi 100. Swichi imefungwa muda mrefu, kwa hiyo koili inapitisha 12 gawanya kwa 150, yaani ampea 0.08, na kapasita imejaa hadi volti 12. Sasa swichi inafunguliwa. Betri imeondoka, wamebaki wawili: koili yenye mkondo wake na kapasita yenye chaji yake.

Koili inapinga kila badiliko la mkondo, na volteji yake inafuata kasi ya badiliko hilo. Kapasita nayo inapoteza volteji kwa kasi inayofuata mkondo unaotoka. Ukiandika habari hii kwa hesabu unapata mlinganyo tofautishi, ambamo kisichojulikana kimechanganyika na kasi zake mwenyewe. Njia ya kawaida ni kubuni umbo la jibu, kulijaza herufi zisizojulikana, kisha mwisho kabisa kurudi kwenye hali ya mwanzo ili uzipate. Wanafunzi wengi huchoka hapo, nami nilikuwa mmoja wao.

Mageuzo ya Laplace hupita mlango mwingine. Badala ya kufuata mkondo dakika kwa dakika, unauandika upya kwa kigezo kingine, `s`. Hiki ni namba changamano: sehemu yake moja inaeleza jinsi kitu kinavyofifia au kukua, ya pili jinsi kinavyoyumba. Mkondo unaofifia kwa umbo la `e^(-at)` unageuka kuwa `1/(s+a)`, sehemu ya kawaida tu. Na kasi ya badiliko la mkondo, ile iliyokuwa inatusumbua, inageuka kuwa hivi:

```
sI - i(0)
```

Itazame vizuri hiyo `i(0)`. Ni mkondo uliokuwepo swichi ilipofunguka, na umeingia wenyewe kwenye hesabu tangu mstari wa kwanza. Mwingereza Oliver Heaviside, aliyewahi kufanya kazi ya simu za maandishi, alikuwa tayari anatatua saketi kwa njia ya kialjebra mwishoni mwa karne ya 19, na wanahisabati wa wakati wake walimnunia kwa kutotoa uthibitisho. Lakini njia yake ilipendelea saketi iliyoanza ikiwa tuli, bila mkondo wala chaji. Geuzo lenye jina la Mfaransa Laplace, ambalo Gustav Doetsch alilipangia kitabu kizima mwaka 1937, halidai utulivu huo.

Kwa hiyo tunaichora saketi upya. Koili inakuwa kama kinzani cha `0.5s + 150`, na ndani yake kuna chanzo kidogo kinachousukuma mkondo uendelee ulikokuwa unaelekea. Ukubwa wake ni indaktansi mara mkondo wa mwanzo, 0.5 × 0.08, yaani 0.04. Kapasita inakuwa kinzani cha `10000/s`, pamoja na chanzo cha `12/s`, ambacho ni zile volti zake 12. Vyanzo vyote viwili vinasukuma upande mmoja. Kilichobaki ni sheria ya Omu:

```
I = (0.04 + 12/s) / (0.5s + 150 + 10000/s)
  = (0.08s + 24) / (s^2 + 300s + 20000)
```

Chini kunagawanyika vizuri: `(s+100)(s+200)`. Tunaivunja sehemu hiyo kuwa mbili. Ili kupata ya kwanza, ziba `(s+100)` kwa kidole, kisha weka -100 mahali pa `s` kwingine kote: juu inabaki 16, chini 100, jibu 0.16. Ukifanya vivyo hivyo kwa -200 unapata -0.08. Tukirudi kwenye wakati:

```
i(t) = 0.16 e^(-100t) - 0.08 e^(-200t)
```

Usiliamini jibu hilo kabla ya kulijaribu. Weka `t` sawa na sifuri: 0.16 toa 0.08 ni 0.08, mkondo ule ule tulioanza nao. Jaribio hili unaweza kulifanya hata kabla ya kurudi: zidisha `I` kwa `s`, kisha uiache `s` ikue bila kikomo. Kinachobaki ndicho mkondo wa mwanzo. Jaribio hili limeniokoa mara nyingi, kwa sababu kosa la kawaida katika kazi hii ni kusahau chanzo cha koili. Ukikisahau, juu inabaki 24 peke yake na mkondo unaanza sifuri, kana kwamba koili imekubali kupoteza ampea 0.08 ghafla, jambo ambalo koili haikubali. Kosa la pili ni kukigeuza chanzo hicho upande, na hapo unapata mwanzo wa -0.08, mkondo unaorudi nyuma. Hesabu yote iliyobaki itakwenda sawasawa, na hutashtuka mpaka uangalie sifuri.

Sasa turudi kwa fundi. Tuseme rilei hii inaachia mkondo ukishuka hadi ampea 0.02. Ukiita `e^(-100t)` kwa jina `x`, mlinganyo unakuwa wa kipeo cha pili, nao unatoa `x` ya karibu 0.134, yaani milisekunde 20. Kama angeweka dayodi badala ya kapasita, tukipuuza volteji ndogo ya dayodi yenyewe, mkondo ungeshuka kwa `e^(-300t)` na rilei ingeachia baada ya milisekunde 4.6. Kapasita imemnunulia kama milisekunde 15.

Je, akikuta dukani kapasita ya mikrofaradi 47 tu? Namba ya mwisho chini inapanda hadi karibu 42,600, na mizizi haiwi namba za kawaida tena. Ni -150 pamoja na sehemu ya pili ya takriban 142. Hapo mkondo hauzimiki kwa mteremko mmoja, bali unapita sifuri na kurudi nyuma kidogo. Mpaka kati ya tabia hizi mbili, kwa koili hii, uko karibu na mikrofaradi 89, na umeonekana kwenye mizizi bila kuchora hata grafu moja.

Hata hivyo, hesabu hii inashikilia kwamba indaktansi ni henri 0.5 wakati wote. Kweli ni hivyo mpaka kile kipande cha chuma cha rilei kinapoanza kujitenga na koili. Chuma kikiondoka, indaktansi inashuka, na mlinganyo wetu haufai tena kwa kilichobaki. Ukiunganisha oskiloskopu utaona mkondo ukiteremka kwa utulivu kama tulivyoandika, kisha, pale rilei inapoachia, unainuka kidogo kama kinundu kabla ya kuendelea kushuka. Mlio wa rilei unausikia hapo hapo.