Mti unaokata matawi

Gari la mkate linatoka bohari A, lipite maduka B, C, D na E, kisha lirudi A. Dereva ana mzunguko wa kilomita 25. Je, upo mfupi zaidi?

Weka A kando. Unganisha maduka manne kwa barabara fupi kabisa zisizofunga duara: B–C 3, C–D 4, C–E 5, jumla 12. Kisha irudishe A kwa barabara zake mbili fupi, A–B 4 na A–C 5. Umbo hili huitwa mti-mmoja. Jumla yake ni 21. Mzunguko wowote nao ni mti-mmoja: ukiondoa A, kinachobaki ni njia inayounganisha maduka yote. Kwa hiyo hakuna mzunguko ulio chini ya 21.

Lakini 21 si 25, basi tunagawa. Tawi la kwanza linakataza B–C. Hapo B inaunganishwa kwa B–D, kilomita 7, na mti unafika 25. Tawi hilo haliwezi kushinda tulichonacho. Tunalikata bila kuhesabu mizunguko yake.

Bado kuna tawi linalolazimisha B–C. Tazama C: imeshika barabara nne, na mzunguko huruhusu mbili tu. Held na Karp, mwaka 1970, waliitoza adhabu sehemu kama hiyo. Ongeza 3 kwa kila barabara ya C, tafuta mti upya, upate 31. Kila mzunguko umeongezewa 6, hivyo toa 6: 25. Dereva asihangaike, njia yake ndiyo fupi.