Mara Tatu ya Akiba: Jinsi Mfano Mmoja Unavyofichua Maana ya Sharti

Masharti ya mikopo ya SACCOS nyingi yana sentensi inayofanana na hii: mwanachama atakopeshwa hadi mara tatu ya akiba yake. Mhasibu anaielewa. Mwanachama anaielewa. Hata mtengeneza programu aliyepewa kazi ya kuiingiza kwenye kompyuta anaielewa.

Kasoro ni kwamba kila mmoja ameelewa lake. Tuseme mwanachama ana akiba ya shilingi 500,000, bado anadaiwa 400,000 za mkopo wa zamani, na sasa anaomba 1,500,000. Yeye anatarajia apewe zote, maana ndizo mara tatu ya akiba yake. Mhasibu anatoa kwanza deni na kubaki na 1,100,000. Programu nayo haina la kutarajia. Itafuata alichodhani mwandishi wake, na kosa litaonekana siku mwanachama atakapokuja dirishani na karatasi yake mkononi.

Mwingereza Dan North, mtengeneza programu, alikutana na tatizo la namna hii mwanzoni mwa miaka ya 2000. Alikuwa akiwafundisha wenzake kuandika majaribio ya programu kabla ya programu yenyewe, na wengi hawakujua waanzie wapi wala wajaribu nini. Alipomweleza mawazo yake Chris Matts, ambaye alikuwa mchambuzi wa biashara, Matts aliona kwamba jambo hilo linafanana sana na kazi yake ya kila siku ya kuchambua mahitaji. Kutokana na mazungumzo yao ukazaliwa muundo wa sehemu tatu: hali iliyopo, tendo linalofanyika, na matokeo yanayopaswa kuonekana. Kwa Kiingereza sehemu hizo huanza na maneno Given, When na Then. Katika makala ya mwaka 2006 iliyoutambulisha muundo huo, North alitumia mfano wa mteja anayetoa pesa kwenye mashine ya benki: akaunti ikiwa na salio inakuwaje, na ikiwa imeshapita kiwango cha kukopa inakuwaje.

Kwa hiyo tangu mwanzo mchambuzi wa biashara alikuwemo. Yeye ndiye anayekaa kati ya wenye shughuli na mafundi, akijua kwa nini sharti liliwekwa na nani ataumia likikosewa. Mazoea mabaya ni kumwachia aandike hati ndefu peke yake, kisha aikabidhi kama anayepeleka barua posta. Muundo wa sehemu tatu unataka watu watatu wakae pamoja kabla kazi haijaanza: mchambuzi, mtengeneza programu na mpimaji ambaye kazi yake ni kutafuta mahali programu itakapokwama.

Njia moja ya kuendesha kikao hicho ilielezwa na Matt Wynne mwaka 2015, na haihitaji zaidi ya kadi za rangi nne. Kadi ya njano ina kazi yenyewe, kwa mfano "kuomba mkopo". Za buluu ni kanuni, za kijani ni mifano, na nyekundu ni maswali yasiyo na jibu mezani. Muda unaopendekezwa ni kama dakika 25. Kadi nyekundu zikiwa nyingi, kazi hiyo bado haijaiva, na ni nafuu kulijua hilo mezani kuliko baada ya mwezi mzima wa kuandika programu.

Katika mfano wetu, mchambuzi anaweka kadi ya buluu: "hadi mara tatu ya akiba". Mpimaji anauliza: anayeomba mara tatu kamili anapata, au lazima iwe pungufu? Mchambuzi anajibu kwamba anapata. Kadi ya kijani. Mtengeneza programu anauliza: na mwenye deni? Mchambuzi anasema deni linatolewa kwanza; kadi nyingine ya kijani, pamoja na kanuni mpya ambayo haikuwa imeandikwa popote. Mpimaji anarudi tena: je, mtu akiweka akiba jana ili akope leo? Hapo mchambuzi ananyamaza. Hajui, na hatakiwi kubuni jibu. Swali linaandikwa kwenye kadi nyekundu, naye analipeleka kwa kamati ya mikopo.

Baada ya kikao, mfano wa mwenye deni unaandikwa hivi:

```gherkin
Scenario: Mwanachama mwenye deni anaomba mkopo
  Given mwanachama ana akiba ya shilingi 500,000
  And anadaiwa shilingi 400,000
  When anaomba mkopo wa shilingi 1,500,000
  Then anaelezwa kuwa kikomo chake ni shilingi 1,100,000
  And ombi halipokelewi
```

Neno And linaendeleza tu sehemu iliyotangulia. Maneno ya mwanzo wa mistari yamebaki ya Kiingereza kwa kuwa ndiyo Cucumber huyatarajia isipoelekezwa lugha nyingine. Cucumber ni programu iliyoanzishwa na Aslak Hellesøy mwaka 2008, nayo husoma visa vya aina hii na kuviendesha kama majaribio. Haielewi maana ya akiba wala deni. Kwa kila mstari mtengeneza programu huandika kipande kidogo cha msimbo kinachouunganisha na mfumo: cha kwanza kinaweka akiba ya 500,000 kwenye akaunti ya majaribio, cha tatu kinawasilisha ombi, cha nne kinalinganisha kikomo kilichotolewa na kile kilichoandikwa. Vikilingana, mstari unakuwa kijani. Visipolingana, unakuwa mwekundu.

Kosa linalojirudia zaidi ni kuandika hatua za kwenye skrini badala ya shughuli yenyewe: fungua ukurasa, jaza namba ya uanachama, bofya kitufe cha buluu, subiri. Kisa cha mistari mitano kinafika kumi na nane, na sharti la mara tatu linazama humo ndani. Siku kitufe kikihamishwa, majaribio mengi yanaanguka ilhali kanuni ya mkopo haijaguswa. Dalili yake ni rahisi kuiona: afisa mikopo akisoma kisa hawezi kusema kama ni sahihi au la. Mchambuzi naye ataacha kukifungua, na faili litakuwa la mafundi peke yao.

Kosa la pili liko kwenye matokeo. "Mfumo unafanya kazi vizuri" si matokeo, kwa sababu hakuna anayeweza kuonyesha kidole mahali yalipo. Kikomo cha shilingi 1,100,000 kinaonekana, na ombi lililokataliwa linaonekana.

Si kila hitaji linafaa kuandikwa hivi. Kasi ya mfumo wakati watu wengi wanaingia kwa pamoja, au mwonekano wa ukurasa, vina vipimo vyake vingine. Na kanuni ileile ikiwa na viwango vingi vya akiba na deni, kisa kimoja chenye jedwali chini yake husomeka vyema kuliko visa ishirini vinavyotofautiana tarakimu tu.

Limebaki kosa la tatu, ambalo halionekani kwa macho. Kipande cha msimbo nyuma ya mstari wa Then huweza kuandikwa kwa haraka kikawa hakilinganishi chochote, na mstari ukabaki kijani daima. Mchambuzi asiyejua kuandika msimbo anaweza kulibaini mwenyewe. Abadilishe 1,100,000 iwe 1,200,000, kisha aombe majaribio yaendeshwe upya mbele yake. Mstari ukigeuka mwekundu, arudishe tarakimu yake na aendelee na kazi. Ukibaki kijani, kisa hicho hakijawahi kupima kitu.