Shada la Mahafali: Siku Hiyo Hiyo Huanzia Jana Yake

Msimu wa mahafali unapokaribia jijini Nairobi, matangazo ya maua hujaa kwenye simu. Mengi husema karibu jambo lile lile: shada kuanzia shilingi 1,000, uchukuzi bure, unaletewa siku hiyo hiyo. Mzazi anayesafiri kutoka Kitui au Kakamega kuja kumwona mwanawe akivaa joho huona hapo jambo moja limekwisha. Atalipa kwa M-Pesa, na maua yatamkuta kwenye lango la chuo.

Ahadi hiyo inawezekana, ila ina masharti yake. Waridi nyingi za Kenya hukuzwa mashambani kandokando ya Ziwa Naivasha, kama kilomita 90 kutoka Nairobi, na zilizo bora zaidi husafirishwa kwa ndege hadi Ulaya. Zenye shina fupi au lililopinda kidogo ndizo huuzwa sana humu nchini, kwa mfano kwa wauza maua wa City Market, Barabara ya Muindi Mbingu. Urembo wake ni ule ule. Kinachotofautiana hasa ni urefu wa shina.

Ua likishafika dukani, haliwi tayari kufungwa papo hapo. Shina lililokaa bila maji huingiza hewa kwenye mirija yake, na hewa hiyo huzuia maji kupanda. Muuzaji anayejua kazi yake hukata tena ncha ya shina kwa mshazari, sentimita 2 au 3, huondoa majani yatakayozama, kisha huyaacha maua kwenye ndoo ya maji safi mahali penye ubaridi kwa saa kadhaa, na ikiwezekana usiku kucha. Likirukwa hilo, waridi huinamisha kichwa kabla halijafunguka, na jua la uwanja wa mahafali humaliza kazi iliyobaki. Kwa hiyo shada linalofika saa tatu asubuhi likiwa imara liliandaliwa jana yake. Kilichofanyika leo ni kufunga na kupeleka tu.

Bei nayo ina hesabu yake. Tuchukue mfano wa shada la waridi 12. Tuseme muuzaji amenunua kila ua kwa shilingi 25, jumla 300. Maua madogo meupe ya kujazia ni 150, karatasi na utepe 200. Hapo ni shilingi 650, kabla ya kodi ya kibanda, mikono ya mfungaji na maua yaliyovunjika njiani. Akiliuza kwa 1,500 wakati wa ofa, anabaki na faida ya kueleweka. Sasa rudi kwenye lile la 1,000 lenye uchukuzi bure. Mwenye bodaboda lazima alipwe, tuseme 300. Zinabaki 700. Toa maua ya kujazia, karatasi na utepe, na ni 350 tu zinazobaki kwa waridi, kazi na faida. Hesabu hiyo haiwezi kutoa waridi 12, labda tano au sita. Neno “kuanzia” ndilo linalobeba siri yote, na picha ya tangazo kwa kawaida ni ya shada la bei ya juu. Si wizi, lakini mnunuzi asiyeuliza idadi atashangaa.

Umbali ndio huharibu mambo zaidi. Kutoka katikati ya jiji hadi uwanja wa Chuo Kikuu cha Nairobi ni safari fupi. Hadi JKUAT, kule Juja, ni zaidi ya kilomita 30 kwa Barabara ya Thika, na asubuhi ya mahafali magari hujazana karibu na lango. Bodaboda akifika, huenda asiruhusiwe kuingia, na simu ya mteja haisikiki katikati ya vigelegele. Shada husubiri juani, na yule mhitimu keshapiga picha zote mikono mitupu.

Duka makini husema wazi saa ya mwisho ya kupokea oda, na gharama ya uchukuzi kwa kila eneo. Ukiagiza, uliza idadi ya maua na urefu wa mashina, na omba picha ya shada lako lenyewe kabla halijatoka dukani. Taja mahali pa kukutana nje ya lango, na utoe namba ya jamaa ambaye hataingia uwanjani. Likifika, bonyeza polepole sehemu ya chini ya ua, pale linapokutana na kikonyo: likiwa gumu, ni bichi, likibonyea, limekaa siku nyingi. Petali za nje zenye ukijani au alama kidogo zisikutishe, kwani hizo ndizo zilizolikinga ua safarini na zinaweza kubanduliwa.

Anayetaka shada la saa tatu asubuhi na aagize mchana wa siku iliyotangulia. Oda inayoingia saa mbili asubuhi ya mahafali ni bora ielekezwe nyumbani, kwenye karamu ya jioni.