Ofa ya Saa Chache: Kumharakisha Mnunuzi Bila Kumdanganya

Ofa ya muda mfupi humsukuma mnunuzi aamue mapema kwa sababu kuna kitu kinachokaribia kwisha: muda, mzigo au bei yenyewe. Tangazo lake huwa la kweli pale tu kitu hicho kinapokwisha kweli. Kwa hiyo kazi ya kuandika huanza stoo, kwa kuhesabu mzigo na kujua kwa nini bei inashuka. Maneno hufuata baadaye.

Chukua mfano wa muuza viatu wa Kariakoo anayeuza kupitia Instagram na WhatsApp. Amebakiwa na jozi 40 za sandozi za kike, mzigo mpya unaingia Jumatatu, na rafu zimejaa. Bei yake ya kila siku ni shilingi 45,000, naye yuko tayari kuuza kwa 32,000. Tangazo linalomjia haraka ni hili: “WAHI SASA!!! Zimebaki chache mno! Ofa ya mwisho, usije ukajuta!” Lina kelele nyingi, lakini mteja hapati hata jambo moja la kumsaidia kuamua. Chache ni ngapi? Mwisho ni lini? Na anayetishiwa majuto anaona tu kwamba anasukumwa.

Sababu ya kweli ipo, tena ina nguvu kuliko kelele: nafasi inahitajika kabla ya Jumatatu. Ikitajwa, mteja anaelewa kwa nini bei imeshuka na kwa nini haitadumu. Punguzo lisilo na sababu humtia shaka kwamba viatu vina kasoro, au kwamba bei ya awali ilipandishwa ili ikatwe.

Muda ndio unaohitaji uangalifu zaidi, na waandishi wengi wa matangazo huupuuza. Neno “leo” halifai. Status ya WhatsApp hukaa saa 24, hivyo iliyowekwa Ijumaa jioni bado itasomwa Jumamosi asubuhi, na “leo” ya msomaji si ile ya muuzaji. “Jumapili saa 6 usiku” nayo ina utata, kwa kuwa wapo wanaohesabu usiku wa Jumapili kuwa ule wa kuamkia Jumapili, na wengine ule unaoifuata. Ni salama zaidi kufunga ofa saa ambayo haina ubishi, kama vile saa 12 jioni, na kutaja siku pamoja na tarehe.

Idadi nayo ielezwe kwa saizi. Jozi 40 zinasikika nyingi, lakini kama za namba 41 ni mbili tu, mwenye mguu huo ana sababu halisi ya kuwahi, wakati wa namba 39, zenye jozi 14, anaweza kutulia kidogo. Tangazo sasa linakuwa hivi:

“Mzigo mpya unaingia Jumatatu, tunahitaji nafasi. Sandozi hizi 40 tunaziuza 32,000 badala ya 45,000, hadi Jumapili tarehe 15 Juni, saa 12 jioni. Namba 37 zipo 5, namba 38 zipo 12, namba 39 zipo 14, namba 40 zipo 7, namba 41 zipo 2. Zisipokwisha, Jumatatu zinarudi 45,000.”

Sentensi ya mwisho ndiyo inayobeba uharaka wote, nayo haimtishi mtu; inamweleza kitakachotokea. Kwa sababu hiyo isiandikwe na muuzaji ambaye hana nia ya kurudisha bei.

Ile 45,000 lazima iwe bei iliyotozwa kweli. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni zilizopitishwa mwaka 2019 zinamtaka muuzaji anayetangaza punguzo aonyeshe bei ya chini kabisa aliyotoza katika kipindi kisichopungua siku 30 kabla yake. Kipimo hicho kinafaa hata Kariakoo: kama mwezi uliopita sandozi hizo ziliwahi kuuzwa 38,000, punguzo lihesabiwe kutoka 38,000. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha au kudanganya katika biashara, na bei ya awali ya kubuni ni upotoshaji wa wazi.

Ofa ikishaanza, namba zibadilishwe kadiri jozi zinavyouzwa. Anayelipia namba 41 iliyokwisha tangu asubuhi hatajali kwamba hesabu ilikuwa sahihi usiku uliotangulia. Saa 12 ikifika, maelezo ya Instagram yahaririwe yaanze na “Ofa imekwisha”. Muuzaji akilazimika kuongeza muda, labda kwa sababu mzigo umekwama bandarini, aiseme sababu hiyo na ataje tarehe mpya. Akiongeza kimya kimya wiki baada ya wiki, atauona mwenendo wa wateja ukibadilika: watauliza “ofa nyingine lini?” na kuacha kununua kwa 45,000.