Nembo ya Chama Chini ya Ukurasa

Tuseme umeona Toyota IST kwenye simu, dola 3,900 hadi bandari ya Dar es Salaam. Bei iko chini kidogo ya ulizokwisha kuziona kwingine, lakini si ya kushangaza. Gari limepigwa picha pande zote. Chini kabisa ya ukurasa ipo nembo ya JUMVEA, chama cha Kijapani cha kampuni zinazouza magari yaliyotumika nje ya nchi. Unauliza kama fedha yako itakuwa salama, na muuzaji anajibu kwa kujiamini: sisi ni wanachama, angalia nembo.

Nembo ni picha. Mtu yeyote anaweza kuinakili kwa vidole viwili na kuibandika kwenye tovuti aliyoitengeneza jana usiku. Kwa hiyo usianzie kwa muuzaji, anzia kwa chama. Andika mwenyewe jumvea.or.jp, usipitie kiungo ulichotumiwa, kwa sababu kiungo hicho kinaweza kukupeleka kwenye orodha bandia iliyotengenezwa na huyohuyo anayekuuzia. Tafuta orodha ya wanachama, kisha jina la kampuni. Lisipokuwepo, mwombe muuzaji aeleze. Akikuletea cheti kilichopigwa picha, soma tarehe. Uanachama wa vyama vya namna hii hudumu kwa kulipiwa ada, na karatasi ya miaka mitano iliyopita haisemi lolote kuhusu leo.

Sasa tuseme jina umelikuta. Hapa ndipo wanunuzi wengi hupumua na kwenda benki, na ndipo hasa walipaswa kuongeza umakini. Tapeli mwenye akili habuni kampuni. Hutafuta iliyopo, yenye jina safi na uanachama wa kweli, akavaa jina lake kama koti la kuazima. Orodha ya chama inakuambia kwamba kampuni hiyo ipo. Haikuambii kwamba anayekuandikia WhatsApp ndiye kampuni hiyo.

Chukua anwani ya tovuti iliyoandikwa kwenye orodha, uiweke kando ya ile unayoitumia, usome herufi kwa herufi. Kistari kilichoongezwa katikati, s moja mwishoni, au .net mahali pa .com vinatosha kukufikisha kwa mtu mwingine kabisa. Tovuti zinazoishia na .co.jp zina faida yake: hutolewa kwa kampuni zilizosajiliwa Japani tu, na kila kampuni hupata moja. Kutokuwa nayo si kosa, kwani wauzaji wengi halali hutumia .com, lakini kuwa nayo kuna uzito.

Kisha njoo kwenye ankara, maana hapo ndipo koti la kuazima hubana. Jina la mwenye akaunti liwe la kampuni ileile, si la mtu binafsi, wala la kampuni "dada" iliyoko nchi nyingine. Tazama msimbo wa SWIFT wa benki. Herufi ya tano na ya sita hutaja nchi. BOTKJPJT, kwa mfano, ni wa benki ya MUFG, na JP ndiyo Japani. Gari likiwa linatoka Yokohama na msimbo una herufi za nchi nyingine, usilipe mpaka upate maelezo yanayoeleweka, na maelezo hayo yatoke kwa kampuni kwa njia nyingine, si kwenye mazungumzo yaleyale.

Omba pia namba mbili. Ya kwanza ni namba ya usajili wa kampuni, yenye tarakimu 13, ambayo mamlaka ya kodi ya Japani imeiweka wazi kwa umma kwenye houjin-bangou.nta.go.jp. Jina litatokea kwa Kijapani, nawe huenda husomi Kijapani, ila namba unaisoma, na herufi za anwani unaweza kuzilinganisha na za kwenye ankara hata kama huzielewi. Ya pili ni ya kibali cha kuuza vitu vilivyotumika, ambacho hutolewa kupitia polisi. Bila kibali hicho haruhusiwi kufanya biashara ya magari ya mtumba Japani, na sheria inamtaka anayeuza mtandaoni akionyeshe kwenye tovuti yake. Kwa maoni yangu namba hizi mbili zina uzito kuliko nembo, maana nyuma yake yapo mamlaka ya dola, na nyuma ya nembo kipo kikundi cha wafanyabiashara wenzake.

Hilo la wafanyabiashara wenzake tulikazie macho. Chama huendeshwa kwa ada za walewale unaotaka kiwapime. Mwaka 2010 televisheni ya ABC ya Marekani ilirusha kisa cha wafanyabiashara wa Los Angeles waliosajili kampuni isiyokuwepo, wakaipa jina la Hamas, wakalipa dola 425 kwa Better Business Bureau ya huko, na kampuni hewa ikapewa alama ya A kasoro. Tawi hilo lilifukuzwa kwenye shirika lake mwaka 2013. Ujerumani mambo ni tofauti zaidi. Huko kampuni huingizwa kwenye chemba ya viwanda na biashara kwa nguvu ya sheria, itake isitake. Kujigamba kuwa mwanachama ni sawa na kujigamba kuwa una kitambulisho. Tanzania na Kenya uanachama wa chemba ni wa hiari, kwa hiyo unaonyesha walau kwamba mtu alijitokeza, akajaza fomu na kulipa.

Basi chama kinaweza kukusaidia nini gari lisipofika? Kikiwa makini, kitamwandikia mwanachama wake, kitajaribu kuwapatanisha, na mwishowe kinaweza kumfukuza. Kumfukuza hakurudishi dola 3,900. Swali la kukiuliza chama chochote ni moja: je, kuna fedha iliyowekwa pembeni kwa ajili ya mteja? Chama cha waendeshaji wa safari za utalii Kenya, KATO, kina utaratibu wa dhamana kwa ajili ya watalii ambao mwanachama wake amefilisika. JUMVEA nayo imewahi kuwa na mpango ambao mnunuzi hulipa kwenye akaunti ya chama, muuzaji akalipwa baada ya kuthibitisha kwamba gari limepakiwa melini. Muulize muuzaji kama atakubali njia ya aina hiyo. Jibu lake litakufunza mengi kuliko nembo.

Na kuna mambo ambayo chama hakiyagusi kabisa. Kilomita za gari, kutu chini ya sakafu, ajali iliyofichwa kwa rangi mpya: hayo ni ya ripoti ya mnada na ya mkaguzi.

Imebaki simu. Chukua namba iliyo kwenye orodha ya chama, si ile ya ankara. Ya ofisi ya Yokohama huanza na +81 45, ya Tokyo +81 3. Zinazoanza na +81 70, 80 au 90 ni za mkononi. Japani imetutangulia saa sita, kwa hiyo ukipiga saa tatu asubuhi, kwao ni saa tisa alasiri na watu wapo kazini. Taja namba ya ankara na namba ya chesisi, kisha uulize kama ni zao. Yule wa WhatsApp, akisikia unataka kupiga huko, atakuambia kwamba leo ofisi imefungwa, na kwamba kuna mteja wa Lusaka ambaye tayari yuko benki.