Kisu Kikianguka, Kujitetea Kumeisha

Tuseme ni saa tatu usiku. Umeshuka stejini, unakata kona kwenda keja. Jamaa anakutokea na kisu: "Leta simu!" Unaokota kipande cha tofali, unamgonga mkono. Kisu kinaanguka na jamaa anatoka mbio.

Hadi hapo, sheria iko upande wako. Kifungu cha 17 cha Kanuni za Adhabu za Kenya kinakubali utumie nguvu kujitetea au kulinda mali, ila kipimo chake kinatoka kwa sheria ya mapokeo ya Uingereza. Kipimo chenyewe si kigumu. Korti itauliza: je, uliamini kwa dhati kwamba uko hatarini? Na je, nguvu ulizotumia zililingana na hatari hiyo?

Hakuna anayetarajia upige hesabu ukiwa umetolewa kisu. Mwaka wa 1971, katika kesi ya Palmer iliyotoka Jamaica, majaji walisema mtu aliyevamiwa hawezi kupima nguvu zake kama anayepima dhahabu kwa mizani. Kwa hivyo hilo tofali, hata kama lilimvunja mkono, linaeleweka.

Sasa rudi pale kwenye kona. Jamaa anakimbia, kisu kiko chini na simu bado iko mfukoni mwako. Lakini una hasira. Unamfukuza, unamfikia mtaroni na kumpiga tofali kisogoni mara tatu. Anakufa.

Ulimpiga kwa tofali lilelile, tena ni dakika moja tu imepita, lakini hatari ilikuwa imeisha. Kule mtaroni hukuwa unajitetea, ulikuwa unalipiza. Na usidhani hakuna atakayejua, kwa sababu ripoti ya daktari itaonyesha majeraha yako kisogoni, na mtu anayekushambulia huwa hajakupa mgongo.

Hapo unaweza kushtakiwa kwa mauaji, ambayo adhabu yake ya juu kabisa ni kifo. Korti ikiona kweli ulikuwa unajitetea ila ukapitiliza, inaweza kushusha kosa liwe kuua bila kukusudia. Usishangilie bado, kwani hilo nalo linaweza kukufunga maisha.

Kuna jambo moja ambalo wengi hawalijui. Ukishasema ulijitetea na kuwe na ushahidi wa kuonyesha hivyo, si kazi yako kuthibitisha. Ni upande wa mashtaka unaopaswa kuonyesha, bila shaka yoyote ya maana, kwamba hukuwa unajitetea. Ndiyo maana inafaa uende kituo cha polisi mapema, ueleze kisu kilikuwa wapi na ulisimama lini.

Hilo la mwisho ndilo litakalokuokoa: ulisimama lini? Jibu zuri ni kwamba ulisimama pale kisu kilipoanguka.